Mbili za Kujitetea, Moja ya Nyongeza

Sokoni walimwita Mama Nyongeza, na jina hilo hakulipata kwa uchawi. Aliuza maharage, mchele, dengu na choroko, kila kitu kwenye gunia lake, na mizani yake ilikuwa haki tupu. Ila mizani ikishatulia, mshale umesimama pale pale ulipotakiwa, mkono wake ulirudi guniani wenyewe, ukachota konzi moja na kuimwaga juu. "Na hii ya nyongeza," alisema. Alisema hivyo kwa wateja aliowapenda na kwa wale aliowavumilia. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mdomo mchafu ambaye kila akija lazima ayatukane maharage kwamba yana wadudu. Naye alipewa nyongeza yake. Konzi ilikuwa ndogo siku hizo, lakini alipewa.

Sasa tabia ya mtu haijui kubaki kazini. Mama Nyongeza aliibeba yake mpaka nyumbani. Akigonga mlango wa jirani, aligonga mara mbili, akangoja, kisha akapiga la tatu wakati mwenye mlango keshafungua, likamkuta puani. Mama yake mzazi, bibi aliyelala kitandani miaka mingi na masikio yake yamestaafu, alikuwa akilishwa uji vijiko vya kutosha, akishakunja mdomo na kugeuza uso, kinakuja kimoja zaidi. "Nimeshiba!" bibi alifoka. "Hiki cha nyongeza, mama." Na bibi alikimeza huku akimlaani. Hivyo ndivyo walivyoishi, wawili, kwa amani ya namna yao. Bila binti yake bibi hakuweza hata kugeuka upande wa pili, na wote wawili walilijua hilo bila kulizungumza.

Basi. Ikaja siku ya Mwepesi.

Mwepesi alikuwa kijana mzima wa kuvuta mifuko ya watu. Kazi yake ilikuwa vidole na miguu: anachomoa, anapotea. Soko zima lilimjua, na kusema kweli walikuwa wamemzoea kama walivyozoea panya. Lakini alasiri ile mvua ilikuwa imefukuza wateja, mifuko ya kuvuta haikuwepo, na kijana akaingiwa na ujinga wa kubadili kazi. Akaja na kisu.

Mama Nyongeza alikuwa anafunga. Mkononi ameshika komeo la kibanda, mti mnene wa urefu wa mkono, ule anaopitisha nyuma ya mlango kila jioni. Mwepesi akajitupa juu ya meza, mkono wa kushoto ukakamata mtandio wake shingoni, wa kulia ukaleta kisu mbavuni.

"Mama, toa pochi. Ukipiga kelele nakuchoma."

Mama Nyongeza akashtuka. Niseme ukweli, kwa sababu baadaye watu walimfanya shujaa: aliogopa, tena sana. Alimwona mama yake kitandani akiita na hakuna anayekuja. Na ule woga ndio uliounyanyua mkono. Komeo likashuka juu ya kifundo cha mkono wenye kisu, kah! Kisu kikaangukia kwenye dengu. Lakini mkono mwingine bado ulikuwa shingoni, na sasa ulikuwa unavuta, mtandio unakaza, pumzi inakata. Akapiga la pili, begani. Mtandio ukaachiwa. Mwepesi akageuka akimbie, akakanyaga choroko zilizomwagika kwenye sakafu iliyolowa mvua, miguu ikaenda kwao na yeye kwake. Akaanguka kifudifudi, pwaa!

Mama Nyongeza akakichukua kisu kwenye dengu, akakisukumia chini kabisa ya gunia la mchele, gunia ambalo hata wapagazi hulinyanyua kwa kuguna. Akavuta pumzi. Akarekebisha mtandio.

Hapo ndipo mambo yalipaswa kuisha. Angepiga yowe tu, soko lingefanya yaliyobaki. Lakini mkono ulikuwa haujamaliza. Akaizunguka meza, taratibu, akasimama juu ya yule kijana aliyelala pale akilia, akamchagulia mahali penye nyama, na kusema kwa sauti ambayo soko zima liliijua:

"Na hii ya nyongeza!"

Kituoni aliyaeleza haya mwenyewe, kifua mbele, kabla hata hajaulizwa. "Mbili za kujitetea afande, na moja ya nyongeza."

Askari wa zamu alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa kwa kumpongeza. Kalamu ikasimama. "Ya nini?"

"Ya nyongeza. Wewe hujawahi kununua maharage kwangu?"

"Mama, wakati unampiga hiyo ya tatu, yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa kalala."

"Na kisu?"

"Kisu nilishakificha mimi."

Askari akamwangalia kwa huruma kabisa. Akasema, "Mama, ungeniachia hata mimi nikuulize kwanza." Kisha akaendelea kuandika, maana angefanyaje? Maneno yalikuwa yameshatoka.

Mwepesi alishtakiwa kwa kutaka kuiba kwa kutumia silaha, akakiri, akafungwa. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika kifundoni, na ofisi ya mashtaka ikaona kwamba mtu akishalala chini hana kisu hapigwi, awe mwizi awe mtakatifu. Mama Nyongeza naye akaitwa mahakamani kujibu shitaka la kudhuru mwili vibaya. Ni shitaka la kwenda nalo jela. Na kanuni ya soko ilikuwa moja, imebandikwa getini: anayefungwa, kibanda chake anapewa mwingine.

Wakili wake alikuwa msichana mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, ambaye mama alipangiwa na mahakama. Alikuja kibandani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kumweleza jambo lenyewe vile linavyoelezwa na mtu anayetaka aeleweke.

"Mama, sheria haikukatazi kujitetea. Mtu akikujia na kisu, unatumia nguvu inayolingana na ile hatari. Na wala haitegemei uipime kwa mizani kama hii yako, maana mtu aliyekabwa shingo hana muda wa kupima. La kwanza na la pili, nasimama nayo mbele ya yeyote. Tatizo ni la tatu. Hatari ilikuwa imeshapita."

"Ilipita, lakini si alikuwa mwizi?"

"Alikuwa mwizi aliyelala."

"Alikuwa amenikaba, mwanangu!"

"Alikuwa amekukaba. Sheria ni ya wakati ule ule, mama. Hatari ikiwepo, unajitetea. Ikiondoka, kinachobaki ni kulipiza, na kulipiza ni kazi ya mahakama peke yake." Akauvuta mkoba wake magotini. "Isipokuwa kama wewe, moyoni mwako, uliamini kweli kwamba anainuka akurudie. Hata kama ulikosea. Ukiamini hivyo, na ikiwa kuna sababu ya mtu kuamini hivyo, sheria itakuwa upande wako. Lakini mimi sikuwekei neno mdomoni. Utakaloulizwa utajibu wewe."

Akaondoka na mkoba wake, na nusu kilo ya dengu, na nyongeza. Mama Nyongeza akabaki analitafuna lile neno: uliamini kweli. Usiku huo alimgeuza mama yake ukutani, akamweka mto mgongoni, akamuuliza kwa sauti ya juu, "Mama, nikifungwa itakuwaje?"

"Ukifunga nini?"

"Nikifungwa! Jela!"

"Kwani umemuua?"

"Sijamuua!"

"Basi lala," bibi akasema, na yeye mwenyewe akalala. Mama Nyongeza hakulala.

Mahakamani walijaa watu wa soko mpaka dirishani. Mwepesi aliletwa na askari magereza, mkono umefungwa plasta, akapewa kiti cha shahidi, akakataa kukaa. Alisema bado pana maumivu. Watu wakaanza kuchekea viganjani.

Mwendesha mashtaka alikuwa baba mtulivu mwenye sauti ya kubembeleza. Hoja yake ilikuwa ndogo na yenye meno. Aliyepigwa alisema alipokuwa amelala aliusikia mguu wa mama unakuja, akapeleka mkono wa kulia nyuma kujikinga, na pigo la tatu ndilo lililouvunja. Kama ni hivyo, basi mfupa ulivunjwa na pigo ambalo halikuwa la kujitetea, na Mama Nyongeza anaenda jela moja kwa moja. Akakubali, kwa heshima zote, kwamba mapigo mawili ya mwanzo hana ugomvi nayo.

Akaitwa daktari. Wakili akainuka, akauliza swali moja. "Daktari, alama uliyoiona kwenye makalio ilikuwaje?"

"Michubuko ya mstari mmoja, imenyooka, toka upande huu hadi upande huu."

"Mstari una pengo mahali popote? Kama vile kungekuwa na mkono umezuia?"

Daktari akatazama karatasi yake, akajikohoza. "Hapana. Mstari umekamilika."

Chumba kikalipuka. Hakimu, mama mnene wa miwani iliyoning'inia shingoni, akagonga meza na kusema atakayecheka tena atacheka nje. Lakini mwendesha mashtaka hakucheka wala hakutetereka. Akasema huenda mkono ulipigwa ukasukumwa kando, na pigo lile lile likaendelea mpaka likakamilisha mstari. Inawezekana, daktari? Daktari akasema si rahisi, ila hawezi kuapa kwamba haiwezekani. Kicheko kikafa. Na hapo ndipo upande wa mashtaka ulipomwita aliyekuwa karibu kuliko wote, Fundi Viatu.

Fundi Viatu alikuwa na banda lake uso kwa uso na la Mama Nyongeza. Alikuwa rafiki wa kweli, mwenye moyo wa dhahabu na mdomo usio na breki. Alikuwa ameapa sokoni kwamba siku ya kusimama atamwokoa mama wa watu. Alivaa koti. Akala kiapo kwa sauti ya kuhutubia.

"Shahidi," mwendesha mashtaka akasema polepole, "mama alipoizunguka meza, ulimwona ana hofu?"

"Hofu! Mama huyu?" Fundi akageuka kwa watu. "Mheshimiwa, huyu mama hana choyo hata chembe. Hajawahi kumnyima mtu. Mimi nimenunua kwake miaka yote hii, kila siku napewa cha juu. Sasa yule kijana pale chini, amelala, amekumbatia mkono wake kifuani, analia 'mkono wangu, mkono wangu, samahani mama!' Mtu mwingine angemwacha aende hivyo hivyo. Huyu? Akamfuata mpaka pale alipo, akampa yake ya nyongeza. Huo ni ukarimu, mheshimiwa!"

Akashuka akiwa anatabasamu, anangoja kupongezwa. Watu wa soko walikuwa wameshika vichwa. Mama Nyongeza akafumba macho. Kwa ukarimu wa namna hii, akawaza, nimekwisha.

Lakini yule msichana mwembamba alikuwa ameshasimama, kalamu hewani. "Fundi, rudi kidogo. Umesema alikuwa amekumbatia mkono. Mkono gani?"

"Wa kulia. Huu huu wenye plasta."

"Analia 'mkono wangu' kabla mama hajamfikia, au baada ya kupigwa lile la tatu?"

"Kabla! Baada ya la tatu hakulilia mkono tena. Alilia..." Fundi akamtazama hakimu, akatafuta neno la heshima, akalikosa. "Alilia mahali pengine."

Safari hii hakimu mwenyewe aliivaa miwani haraka na kuinamia karatasi. Wakili akakaa. Mkono uliokumbatiwa kifuani, chini ya mtu aliyelala kifudifudi, haukuwa nyuma ukikinga kitu. Ulikuwa umeshavunjika, na ulivunjwa ukiwa umeshika kisu. Jela ikarudi nyuma hatua kubwa, na aliyeisukuma alikuwa Fundi Viatu, ambaye mpaka leo anadhani aliipanga.

Ikabaki zamu ya Mama Nyongeza. Wakili akamwongoza kwenye la kwanza na la pili, naye akaeleza woga wake bila kuuongezea chumvi, na watu wakanyamaza kweli, maana hawakujua kwamba aliogopa kiasi kile. Kisha mwendesha mashtaka akainuka.

"Pole sana kwa yaliyokupata, mama. Nina swali moja. Ulipoizunguka meza, ulikuwa unaogopa nini?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lilikuwa limelala mbele yake limeshapikwa: niliogopa atainuka. Nani angempinga? Mwizi ni mwizi, kisu kilikuwa chake, na yeye ni mama mtu mzima wa kuaminika. Kwa maneno hayo mawili angetoka mlango ule akiwa safi, hana kosa lolote, kibanda chake chake, na jioni angemgeuza mama yake. Aliufungua mdomo ayaseme.

Akamwona Mwepesi. Kijana alikuwa amesimama kando ya askari wake, na alipoona mama anamtazama, ule mkono mzima ulikwenda nyuma wenyewe kujikinga. Hakujua hata kama ameupeleka. Baadhi ya watu waliona wakaanza kutetemeka mabega kwa kicheko. Mama Nyongeza hakucheka. Aliujua woga ule. Ulikuwa wake, wa alasiri ile, wa kisu mbavuni, na sasa umehamia kwa mtu mwingine, na aliyeuhamisha ni yeye.

"Hakuna," akasema.

"Hukuogopa kitu?"

"Woga niliumaliza upande wa pili wa meza. Kule nilikokwenda nilikwenda na hasira. Nilijua hainuki." Akamgeukia hakimu. "Na niseme lote, maana nimekula kiapo. La kwanza na la pili sikuyasikia hata mkononi. La tatu lilikuwa tamu."

Wakili wake akafunika uso kwa kiganja, lakini vidole vilikuwa na nafasi katikati, na jicho moja lilikuwa linamtazama kwa namna ambayo si ya kumlaumu.

Hakimu aliondoka, akarudi, akasoma. Pigo la kwanza, alisema, lilipigwa kwenye mkono ulioshika kisu, na mti dhidi ya kisu si nguvu iliyopita kiasi. Pigo la pili lilipigwa shingo ikiwa bado imekabwa. Hatari ilikuwa haijaisha eti kwa sababu kisu kimeanguka, na hakuna mahakama itakayomtaka mtu aliyekatwa pumzi apime nguvu zake kama anapima mchele. Upande wa mashtaka ulitakiwa kuthibitisha bila shaka kwamba mfupa ulivunjwa na pigo la tatu, na haukuthibitisha. Shitaka la kudhuru mwili vibaya likaanguka. Watu wa soko wakataka kupiga vigelegele. Hakimu akainua kidole, vikarudi kooni.

"Lakini mtu akishalala chini, hana silaha, anaomba samahani, hakuna tena hatari ya kujikinga nayo. Kuwa aliyelala ni mhalifu hakumfanyi kuwa ngoma. Hasira yake mshtakiwa mahakama inaielewa, na itaizingatia katika adhabu, ila hasira haigeuki kuwa kujitetea. Kwa pigo la tatu, mahakama inamtia hatiani kwa shambulio la kawaida."

Mama Nyongeza akashika ukingo wa kizimba. Kibanda, akawaza. Mama.

"Amesema ukweli uliomgharimu. Hana kosa la nyuma. Na yote yalianza kwa kisu kisichokuwa chake. Anaachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa lolote kwa mwaka mzima. Akitenda, atarudi hapa kwa hili na hilo jipya." Hakimu akavua miwani. "Mama, umesikia? Hicho ni kipimo kamili. Mahakama hii haitoi nyongeza."

Sasa vigelegele vikatoka, na hakimu akaviacha vitoke kwa sababu alikuwa anaondoka.

Nje, kwenye korido nyembamba, mama na Mwepesi walikutana. Askari alikuwa anamrudisha Mwepesi kwenye gari, na Mwepesi akajibana ukutani, mgongo na vya chini ya mgongo vimegusa ukuta kabisa. Fundi Viatu akaangua kicheko. Mama Nyongeza akamkata jicho mpaka kikamkwama, akamwendea kijana, akasimama mbali naye kidogo ili asimtishe.

"Mkono huo pole sikupi," akasema. "Wala bega. Hayo uliyafuata mwenyewe kwangu na kisu chako, na ukija tena hivyo utayakuta. Lakini lile la tatu, mwanangu, halikuwa haki yako. Kwa lile la tatu, pole."

Mwepesi akamwangalia, akamwangalia askari, kisha akamrudia. Wizi ulikuwa kazi, lakini uchokozi kijana huyo alizaliwa nao.

"Pole moja tu, mama?" akauliza. "Hata ya nyongeza hakuna?"

Mkono wa Mama Nyongeza ulinyanyuka wenyewe, kama unavyonyanyuka siku zote mizani ikishatulia. Kijana akafumba macho. Mama akauona mkono wake ulipo, hewani, mbele ya watu wote na mwaka mzima wa sharti. Akaushusha polepole, akaufutia kwenye nguo yake.

"Yako ulishachukua mapema," akasema, na akaenda zake nyumbani kumgeuza mama yake.